Kupendeza na Kutosha: Hotuba ya Mwenye Duka Kuhusu Jaribio la Vazi kwa Picha

Jaribio la vazi kwa picha ni huduma ya tovuti ambayo kwayo mteja hupakia picha yake, huchagua nguo mojawapo katika orodha ya duka, na baada ya muda mfupi huoneshwa picha mpya ambamo anaonekana kana kwamba ameivaa nguo ile. Huduma hii, ambayo hapo awali ilikuwa mikononi mwa kampuni kubwa za mauzo ya mtandaoni, sasa hukodishwa hata kwa maduka madogo, ama kwa malipo ya mwezi au kwa malipo ya kila picha inayotengenezwa, kiasi kwamba mwenye duka la magauni ya kitenge, madera na kanga jijini Dar es Salaam anaweza kuiweka katika tovuti yake bila kuajiri fundi wa kompyuta wa kudumu. Kuiweka ni kazi nyepesi kuliko kuieleza. Siku mwenye duka anapowakusanya wateja wake ili kuwatambulishia huduma hiyo, maneno atakayoyatumia ndiyo yatakayoamua watu wataitegemea picha ile kwa jambo gani: wakiahidiwa zaidi ya kile inachoweza, nguo zitarudi dukani, na pamoja nazo itarudi imani iliyojengwa kwa miaka. Mwongozo huu unahusu hotuba hiyo, yaani mambo ambayo mwenye duka anapaswa kuyasema, kuyaonesha na kuyaamua kabla hajasimama mbele ya wateja.

Mteja anayejitazama kwenye kioo cha duka hutafuta majibu ya maswali mawili kwa pamoja. La kwanza ni kama nguo inampendeza, yaani kama rangi, mtindo na urefu wake vinaendana na ngozi yake, umbo lake na desturi yake ya kuvaa. La pili ni kama inamtosha, kwa maana kwamba haimbani kifuani, haimpwayi mabegani, na inamruhusu kuketi au kupanda daladala bila kushikilia mshono. Kioo hujibu maswali yote mawili kwa sababu nguo yenyewe imo mwilini, ilhali picha ya jaribio hulijibu la kwanza kwa kiasi tu na la pili hailigusi kabisa. Tofauti hii ndiyo kiini cha hotuba nzima, na inafaa itamkwe katika dakika za mwanzo, kabla wateja hawajavutiwa na picha, kwa maneno mepesi kama haya: «Mama zetu, dada zetu na ndugu zetu wote mliofika, karibuni. Picha mtakayoiona leo itawasaidia kujua kama gauni linawapendeza. Kujua kama linawatosha, tutaendelea kutumia futikamba kama siku zote.»

Ili maneno hayo yaeleweke na yasionekane kuwa tahadhari ya kujikinga, msemaji anahitaji kueleza kwa ufupi namna picha inavyotengenezwa. Programu inayofanya kazi hiyo ni ya akili unde, yaani mfumo wa kompyuta uliofunzwa kwa kupitishiwa picha nyingi mno hadi ukaweza kuchora picha mpya zinazofanana na zile. Inapopokea picha ya mteja, hutafuta kwanza viungo vya mwili, kama mabega, viwiko, nyonga na magoti. Kisha hulitenga eneo lililofunikwa na nguo aliyoivaa mteja na kulifuta. Halafu hulichora upya eneo lile kwa kufuata picha ya gauni iliyowekwa na duka, huku ikijaribu kulilaza gauni kulingana na namna mteja alivyosimama. Hakuna mahali katika kazi hiyo yote ambapo kipimo chochote huchukuliwa. Picha ya simu haioneshi kama mtu ana urefu wa sentimita 150 au 180, na picha ya gauni haioneshi kama ni la saizi ndogo au kubwa. Programu inaona maumbo mawili na kazi yake ni kuyapatanisha. Kwa kuwa picha ilizofunzwa nazo kwa kawaida ni za watu waliovaa nguo zilizowakaa vizuri, nayo humchora kila mtu akiwa na nguo iliyomkaa vizuri, hata pale ambapo gauni lenyewe lisingepita mabegani.

Jambo hili ni gumu kuaminika kwa kusikia, hivyo ni heri lioneshwe. Mwenye duka achague gauni moja la kitenge lililobana nyongani, ambalo dukani lina saizi tatu, na amwombe mmoja wa wasaidizi wake, aliyekubali mapema na kwa hiari yake, picha yake itumike mbele ya watu. Ni vema msaidizi huyo awe na umbo la kawaida la wateja wa duka kuliko kuwa na umbo la wanamitindo wa matangazo. Tuseme msaidizi ana nyonga za sentimita 104. Picha ya jaribio itengenezwe mara tatu, kwa saizi M, kwa L na kwa XL, na zote tatu zioneshwe zikiwa zimepangwa pamoja kwenye skrini. Wateja wataona mwanamke yuleyule akiwa amevaa gauni lilelile, limemkaa vilevile katika picha zote, pengine kwa tofauti ya mikunjo miwili mitatu isiyo na maana. Hapo ndipo msemaji anapochukua magauni matatu halisi, anayalaza mezani moja baada ya jingine, na kuyapima nyongani kwa futikamba, yaani utepe wa fundi cherehani, kutoka mshono wa upande mmoja hadi wa pili. Gauni la M likitoa sentimita 51, mzunguko wake ni mara mbili ya hapo, yaani 102, ambao ni pungufu ya mwili wa msaidizi kwa sentimita 2, hivyo zipu haitapanda. La L likitoa 55, mzunguko ni 110, na kuna nafasi ya sentimita 6. La XL likitoa 58, mzunguko ni 116, na nafasi inafika 12, kiasi ambacho gauni la mtindo huo litaonekana kupwaya.

Nafasi hiyo inayobaki kati ya mwili na nguo ndiyo anayoijua kila fundi anapoongeza kidogo juu ya kipimo alichokichukua, na msemaji anapaswa kuieleza kwa sababu wateja wengi hudhani kwamba nyonga za 104 huhitaji gauni la 104. Kitenge ni kitambaa cha pamba kilichofumwa bila uzi wa kuvutika, kwa hiyo gauni lenye kipimo sawasawa na cha mwili litamkaba mvaaji pindi anapoketi, kwa maana nyonga hutanuka mtu anapokaa. Nafasi ya sentimita 5 au zaidi nyongani ni kiasi cha chini cha kufaa kwa gauni la namna hiyo, ilhali nguo za kitambaa kinachovutika zinaweza kuvaliwa hata zikiwa na kipimo kidogo kuliko mwili, na dera, ambalo hushonwa pana kusudi, halina haja ya hesabu hiyo nyongani, ingawa urefu wake ungali na haja ya kupimwa. Baada ya onyesho hili msaidizi avae gauni la L na asimame mbele ya watu. Kwa njia hiyo wateja watakuwa wameona kwa macho kwamba picha tatu zilizofanana zilificha magauni matatu tofauti, na kwamba jibu lilitoka mezani. Inafuata kwamba kila gauni katika tovuti linapaswa kuandikiwa vipimo vyake lenyewe, vya kifua, kiuno, nyonga na urefu, vikiwa kando kabisa ya kitufe cha jaribio, kwa kuwa herufi M au L hazina kipimo kimoja kinachofuatwa na mafundi wote. Duka ambalo halijapima nguo zake halijawa tayari kutoa hotuba hii.

Upande wa kupendeza nao una mipaka yake, na katika maduka ya pwani na bara ya Afrika Mashariki mpaka ulio wazi kuliko yote umo katika kanga. Kanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyochapishwa chini ya mji, ambayo kwa wanunuzi wengi ndiyo sababu ya kuinunua. Programu ya jaribio haisomi maneno hayo. Inayaona kuwa mapambo kama mapambo mengine, na inapolichora upya vazi huyachora kwa kukisia, hivyo kwamba mara nyingi jina hutoka likiwa na alama zinazofanana na herufi kwa mbali, lakini likitazamwa kwa karibu halisomeki, au linasomeka kuwa neno lisilokuwepo, na pengine neno la aibu. Kwa kuwa ujumbe wa kanga hupelekwa kwa mtu, awe mkwe, wifi, jirani au mama mzazi, kosa la namna hiyo si dogo. Msemaji anatakiwa kusema bila kuzunguka kwamba jina la kanga lisisomwe kamwe katika picha ya jaribio, na duka liweke katika tovuti picha halisi ya jina, iliyopigwa kwa karibu na kwa kunyooka, pamoja na maneno yenyewe yaliyochapwa kwa maandishi chini yake.

Kitenge chenye maua makubwa huleta tatizo linalokaribiana na hilo. Magauni kadhaa hukatwa kutoka katika kitambaa kimoja, na kwa kuwa fundi huanzia kila pande mahali tofauti, ua lililokaa katikati ya kifua katika gauni lililopigwa picha huweza kuwa ubavuni katika gauni atakalolipokea mteja. Programu kwa upande wake huweza kulikuza ua, kulipunguza, au kuongeza jingine ili kujaza eneo. Mteja anapaswa kuambiwa kwamba picha humwonesha mchanganyiko wa rangi na ukubwa wa kukadiria wa michoro, na kwamba kama mahali pa ua ni muhimu kwake, aombe picha ya gauni lilelile atakalotumiwa. Kuhusu rangi, sababu kubwa ya kupotoka haimo katika programu: gauni lililopigwa picha usiku chini ya taa ya njano litabeba unjano huo hadi katika kila jaribio, kwa hiyo picha za duka zipigwe mchana, karibu na mlango, mahali penye kivuli chenye mwanga wa kutosha.

Katika kuwaelekeza wateja namna ya kupiga picha zao, mwenye duka asiishie kusema kwamba picha iwe nzuri, maana picha nzuri ya sherehe mara nyingi ndiyo mbaya kwa kazi hii. Kinachotakiwa ni mtu mmoja aliyesimama wima akiikabili kamera, mwili wote ukionekana, mikono ikiwa imetengana kidogo na kiwiliwili, mwanga ukitoka mbele yake, na asiwe amebeba mkoba wala mtoto. Mikono iliyokunjwa kifuani huifanya programu ichore vidole vilivyoungana na mkono wa gauni. Nywele ndefu zilizolala begani huweza kukatwa au kugeuka sehemu ya kola. Dalili za jaribio lililoharibika hutazamwa hapohapo, kwenye vidole, shingoni, kwenye mikufu na katika pindo la chini, na vilevile katika umbo lenyewe la mtu: ikiwa kiuno katika picha mpya ni chembamba kuliko katika picha aliyoipakia, programu imembadili mteja badala ya kumvisha, na picha hiyo haifai kutumiwa kuamulia. Inafaa msemaji aoneshe picha moja iliyoharibika hivi pamoja na zile nzuri, kwa sababu mteja aliyeiona kwenye skrini ya duka ataitambua akiipata nyumbani.

Lipo jambo ambalo hotuba nyingi za namna hii huliruka, nalo lina uzito kwa wateja wanaojistiri. Mwanamke aliyepiga picha akiwa amevaa buibui au abaya hufunika umbo lake, kwa hiyo programu hukisia mwili uliomo ndani. Na akichagua gauni lisilo na mikono, programu humchorea mikono mitupu ambayo kamera haikuiona. Wakati mwingine huuondoa mtandio na kuchora shingo, hata nywele. Picha hiyo si ya mwili wake, ila kwa mtu mwingine atakayeiona itaonekana kuwa ni yeye aliyekaa bila stara, na hakuna maelezo yatakayoifuta akilini mwa aliyeiona. Mwenye duka analazimika kulijua hili kwa kulijaribu yeye mwenyewe kabla ya wateja, kulisema waziwazi katika hotuba, na kuwapa njia nyingine wanaoihitaji. Njia inayofaa ni kuweka katika tovuti picha za wanamitindo wachache wenye maumbo na rangi za ngozi mbalimbali, wakiwemo waliovaa mtandio, ili mteja amchague anayemkaribia na kuivisha nguo picha hiyo pasipo kupakia yake. Maneno ya msemaji yanaweza kuwa haya: «Asiyependa kuweka picha yake asiiweke; atapata huduma yote, bei ileile na heshima ileile. Na mwenye kuvaa mtandio ajue kwamba mashine hii inaweza kukosea na kuuondoa, hivyo achague mwanamitindo wetu.»

Kutoka hapo hotuba inaingia kwa urahisi katika swali la picha za wateja zinakwenda wapi. Kwa kawaida picha haibaki katika simu wala katika tovuti ya duka. Hutumwa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa ya kampuni inayokodisha huduma, ambayo mara nyingi iko nje ya nchi, hushughulikiwa huko na kurejeshwa. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa za watu awaeleze sababu ya kuzikusanya na asizitumie kwa jambo jingine, na zinaweka masharti ya kuzipeleka nje ya mipaka ya nchi. Duka dogo halijasamehewa wajibu huo kwa sababu ya udogo wake, na nchini Tanzania mkusanyaji wa taarifa hutakiwa pia kujisajili kwenye Tume.

Kwa hiyo mwenye duka, kabla ya kuandika hata sentensi moja ya sehemu hii, asome mkataba wa kampuni aliyokodi kwake huduma na atafute majibu ya mambo matatu: picha hukaa huko kwa muda gani, kama kampuni huzitumia kuifunza programu yake, na mteja akitaka picha yake ifutwe anapitia wapi. Asipoyapata aandike barua kuyauliza, na asipojibiwa atafute kampuni nyingine, kwani kusema jukwaani kwamba picha ziko salama bila kujua zinakaa wapi ni kuwadanganya watu waliomwamini. Akiyapata, ayaseme kwa ukamilifu, akitaja muda ulioandikwa katika mkataba: ikiwa ni saa 24, aseme saa 24. Aongeze ombi kwamba kila mtu apakie picha yake mwenyewe tu, isiwe ya rafiki, mchumba wala mtoto, na aeleze kwamba duka halitachapisha picha ya jaribio ya mteja yeyote katika matangazo pasipo idhini yake ya maandishi.

Urefu wa hotuba usizidi dakika 15, ambazo zaidi ya nusu zitumike kwenye magauni matatu na futikamba. Picha zote za kuonesha zitengenezwe siku moja kabla na kuhifadhiwa katika simu au kompyuta, maana mtandao huweza kuzorota saa ileile ya kuhitajika, na wateja wakisubiri duara linalozunguka kwenye skrini hotuba hupoteza uzi wake. Jaribio moja la papo kwa papo mwishoni linatosha kuonesha kwamba mambo hayakupangwa. Ikiwa duka hulipia kila picha na limeweka kikomo cha majaribio kwa kila mteja, kikomo hicho kitajwe pamoja na sababu yake, kwa kuwa mteja anayekigundua peke yake hudhani tovuti imeharibika.

Baada ya hotuba yatakuja maswali, na moja halikosekani, hasa kutoka kwa wateja walioko mikoani ambao hulipa kwa simu na kutumiwa mzigo kwa basi: nguo ikifika na kuwa tofauti na picha, hasara ni ya nani? Jibu linapaswa kuwa limeamuliwa na kuandikwa katika tovuti kabla ya siku hiyo. Njia ya haki ni kutazama kosa limetoka wapi. Ikiwa vipimo vya gauni lililofika havilingani na vilivyoandikwa, au rangi na jina la kanga si vile vilivyooneshwa katika picha halisi ya duka, kosa ni la duka, nalo ligharimie nauli ya mzigo kwenda na kurudi. Ikiwa vipimo ni sahihi na mteja aliagiza kwa kutegemea picha ya jaribio pekee, duka libadilishe nguo iwapo haijavaliwa wala kufuliwa, na mteja agharimie nauli ya kuirudisha. Sharti hili la pili litakuwa la haki pale tu ambapo mteja aliuona mstari wa vipimo kabla ya kulipa, hivyo tovuti itengenezwe ili kitufe cha kununua kisifunguke mpaka mteja awe ameandika kipimo chake cha kifua na nyonga, na duka liwe na mtu wa kuvilinganisha vipimo hivyo na vya gauni na kumpigia simu mteja pale visipolingana, kabla mzigo haujapelekwa stendi.